Kwa nini modeli inapendekeza tufunge depo ya Morogoro: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ndugu Meneja,

Tangu nilipowasilisha matokeo ya modeli ya usambazaji wa sabuni yetu, maswali yamekuwa mengi: yako, ya mauzo, ya fedha na ya utumishi. Nimeyaweka pamoja na majibu yake ili dokezo hili lisomwe na kila anayeguswa na uamuzi huu, pamoja na wenzetu walioko Morogoro kwenyewe. Tarakimu zote ni wastani wa mwezi mmoja, na nimezizungusha ili zifuatike bila kikokotoo.

## Kwa kifupi, modeli inasema nini?

Inasema kwamba depo ya Morogoro inatuokolea takriban shilingi 10,000 kwa kila tani inayopitia pale, ukilinganisha na kuipeleka tani hiyohiyo moja kwa moja kutoka Dar es Salaam. Morogoro inapitisha tani 500 kwa mwezi, kwa hiyo inatuokolea milioni 5. Lakini kuiweka depo wazi, hata kabla hatujashusha katoni ya kwanza, kunagharimu milioni 22. Tunatoa 22 ili tupate 5.

Hiyo ndiyo hoja nzima. Sehemu kubwa ya dokezo hili inaeleza namba hizo mbili zimetoka wapi na ni nini kinachoweza kuzibadilisha.

## Hiyo modeli ni kitu gani hasa?

Ni hesabu ya kulinganisha mipango. Ina orodha ya miji tunayouzia na tani zinazokwenda kila mji kwa mwezi. Ina nauli ya mzigo kutoka kiwandani hadi kila depo, na kutoka kila depo hadi kila mji. Ina gharama ya kuweka kila depo wazi. Kisha kwa kila depo inauliza swali moja: iwe wazi au ifungwe? Na kwa kila mji inauliza: nani aupelekee mzigo?

Sisi tuna depo 3 nje ya Dar: Morogoro, Dodoma na Makambako. Kila moja inaweza kuwa wazi au kufungwa, kwa hiyo mipango yote inayowezekana ni 8 tu. Ndiyo maana siombi mtu aniamini kwa sababu kompyuta imesema. Mipango yote 8 iko kwenye jedwali moja la Excel, na mhasibu yeyote anaweza kukaa nalo asubuhi moja akaikagua mmoja mmoja. Nimeiwekea pia kanuni moja ambayo modeli hairuhusiwi kuivunja: mteja apate mzigo ndani ya saa 48 tangu oda yake ipokelewe.

## Lakini Morogoro ndiyo depo yenye gharama ndogo kuliko zote kwa tani. Mbona tunafunga iliyo nafuu?

Hili ndilo swali lililoulizwa na watu wengi zaidi, na ni la haki kabisa. Ripoti ya kila mwezi inaonyesha Morogoro inatugharimu takriban shilingi 115,500 kwa tani, na Makambako takriban 204,000. Ukiisoma ripoti hiyo peke yake, macho yanakwenda Makambako moja kwa moja.

Tatizo ni kwamba ripoti inajibu swali tofauti. Inaonyesha tani imegharimu kiasi gani hadi kumfikia mteja. Haionyeshi tungelipa kiasi gani kama depo isingekuwepo. Tani ya Makambako ni ghali kwa sababu Makambako iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar, na wateja wake wengine wako mbele zaidi, hadi Songea. Umbali huo hautaondoka kwa kufunga depo. Utabaki uleule, ila sasa utasafirishwa kwa malori madogo njia nzima.

Tuzipitie zote mbili taratibu. Makambako leo tunalipa shilingi 85,000 kwa tani kuleta mzigo kwa semi, 8,000 kushusha na kupakia upya, na 40,000 kuusambaza Mafinga, Njombe na kwingineko. Jumla ni 133,000. Tukiifunga, tutatuma Fuso la tani 10 kutoka Dar kwa takriban 205,000 kwa tani, na ghala la Dar litahitaji 6,000 zaidi kwa kila tani kwa kazi ya kuchambua oda ndogondogo. Jumla inakuwa 211,000. Depo ya Makambako kwa hiyo inatuokolea 78,000 kwa tani. Kwa tani 350 hiyo ni milioni 27.3 kwa mwezi, na kuiweka wazi kunagharimu milioni 22. Inajilipa na inabakiza zaidi ya milioni 5. Tena bila depo hiyo hatuwezi kuitimiza ahadi ya saa 48 kwa wateja wa Ruvuma.

Sasa Morogoro. Ni kilomita zipatazo 190 kutoka Dar. Semi inabeba tani 28 kwa 30,000 kwa tani, tunashusha na kupakia kwa 8,000, kisha tunasambaza kwa wastani wa 27,500. Jumla 65,500. Bila depo, Fuso likitoka Dar moja kwa moja, wastani ni 69,500, ukiongeza zile 6,000 za ghala la Dar ni 75,500. Tofauti ni 10,000 tu.

Depo inajilipa kwa kitu kimoja: inaruhusu mzigo usafiri sehemu ndefu ya njia kwa lori kubwa, na sehemu fupi tu kwa lori dogo. Njia ndefu ikiwa ndefu kweli, akiba inakuwa kubwa. Kati ya Dar na Morogoro njia ni fupi mno kwa semi kuweza kurudisha gharama ya kodi, mishahara na kushusha mzigo mara mbili.

## Je, miji yote ya Morogoro inafanana?

Hapana, na ni vizuri kuona tofauti. Tani 250 ni za Morogoro mjini. Hizo tunalipa 48,000 kwa tani kupitia depo, na tungelipa 58,000 moja kwa moja. Tani 100 ni za Mvomero, Kilosa na Gairo: 68,000 kwa sasa, 81,000 bila depo. Tani 150 ni za upande wa Mikumi, Kidatu na Ifakara: 93,000 kwa sasa, 101,000 bila depo.

Wengi walitarajia Ifakara ndiyo iwe sababu ya kuibakiza depo kwa kuwa iko mbali. Lakini angalia, tofauti yake ndiyo ndogo kuliko zote. Sababu ni kwamba tayari tunaipelekea mzigo kwa malori ya kati kutoka Morogoro, safari ambayo ni ndefu kuliko ile ya Dar hadi Morogoro. Depo iko mwanzoni mwa safari ya Ifakara, haiko karibu na Ifakara.

Gairo nayo, modeli inaipeleka Dodoma. Kiutawala iko Mkoa wa Morogoro, lakini kwa barabara iko katikati ya miji hiyo miwili, na semi zetu za Dodoma zinapita hapohapo. Modeli haijui mipaka ya mikoa. Watu wa mauzo itabidi wakubaliane ni nani atakayehesabiwa mauzo ya Gairo, jambo dogo ambalo lisipomalizwa mapema huleta ugomvi mkubwa.

## Zile milioni 22 ni nini, na je, zitaondoka kweli?

Kitabu kinaonyesha milioni 25, si 22. Ndani yake kuna milioni 3 ambazo ni mgawo wa gharama za makao makuu: sehemu ya mshahara wa mkaguzi, ya bima ya jumla, ya mfumo wa kompyuta. Tukiifunga Morogoro, mkaguzi ataendelea kulipwa. Milioni hizo 3 zitahamia Dodoma, Makambako na Dar, na depo hizo zitaonekana zimepanda gharama ghafla. Naomba fedha wasilichukulie hilo kama ishara ya uzembe wa mtu.

Milioni 22 zinazobaki ni kodi ya pango milioni 9, mishahara na michango ya hifadhi ya jamii milioni 11, na milioni 2 za ulinzi, umeme na matengenezo ya foklifti. Hizi zinaondoka, lakini si kwa siku moja. Mkataba wa pango unadai notisi ya miezi 3, kwa hiyo kodi itaendelea kwa muda huo hata ghala likiwa tupu.

## Na mzigo uliolala kwenye depo unahesabiwaje?

Unahesabiwa, na unaongeza akiba kidogo. Morogoro inashikilia mzigo wa takriban shilingi milioni 600, sawa na mauzo ya wiki 2. Sehemu ya mzigo huo ni akiba ya tahadhari, kwa ajili ya wiki ambayo oda zinazidi matarajio. Mzigo huohuo wa tahadhari ukiwekwa Dar unahitajika kidogo zaidi ya nusu tu, kwa sababu wiki ambayo Morogoro inavuta sana mara nyingi si wiki ambayo Bagamoyo au Kibaha nako wanavuta sana. Upungufu wa huku unafidiwa na utulivu wa kule.

Kwa makadirio yetu Dar itahitaji kuongeza mzigo wa milioni 350. Milioni 250 zinarudi mfukoni. Mkopo wetu wa uendeshaji una riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa hiyo tunaepuka riba ya karibu milioni 3 kwa mwezi. Ukijumlisha na milioni 17 za uendeshaji (22 kutoa 5), unapata milioni 20 ambazo ziko kwenye ukurasa wa kwanza wa taarifa yangu. Tafadhali msizihesabu milioni 250 kama faida. Ni fedha zetu wenyewe zinazoachiliwa mara moja tu. Faida ni riba tunayoacha kulipa.

## Tunajuaje kwamba modeli haijakosea?

Kabla ya kuiuliza tufunge nini, niliiuliza kitu ambacho jibu lake tulilijua. Niliiwekea depo zote wazi, kama zilivyo leo, nikaiacha ihesabu Morogoro inagharimu kiasi gani. Ikatoa milioni 54.75. Vitabu vya miezi 12 vinaonyesha wastani wa milioni 56.9, bila ule mgawo wa makao makuu. Tofauti ni chini ya asilimia 4, na nyingi yake ni faini za kuchelewesha malori getini na foleni za mizani, ambazo modeli haizioni.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kosa la namna hiyo ni kama milioni 2 kwa mwezi. Mipango miwili ikitofautiana kwa milioni 1, modeli haiwezi kutuambia kwa uhakika upi ni bora. Ikitofautiana kwa milioni 20, inaweza.

## Dizeli ikipanda je?

Ewura hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo hofu hii inaeleweka. Lakini kupanda kwa dizeli kunagusa mipango yote miwili, kwa kuwa mzigo unasafiri vilevile. Kinachoongezeka ni ile tofauti ya nauli tu, ambayo kwa sasa ni milioni 6 kwa mwezi. Nauli zote zikipanda kwa robo, tofauti hiyo inaongezeka kwa milioni 1.5. Haigeuzi uamuzi.

## Basi ni nini kinachoweza kuugeuza?

Ujazo wa lori. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo pendekezo zima linaposimama au kuanguka.

Modeli imechukulia kwamba Fuso la tani 10 linatoka Dar likiwa limejaa. Safari ya Dar hadi Morogoro mjini inagharimu shilingi 520,000, kwa hiyo kila tani inabeba 52,000. Lakini mwenye lori analipwa kwa safari. Likiondoka na tani 6, safari bado ni 520,000, na kila tani sasa inabeba karibu 87,000.

Nimerudia hesabu kwa ujazo tofauti. Malori yakitoka na wastani wa tani 8, nauli inaongezeka kwa milioni 8.7, na ile akiba ya milioni 20 inashuka hadi 11. Yakitoka na tani 6.3, akiba inafika sifuri. Chini ya hapo tungekuwa tumefunga depo ili tupate hasara.

Je, tani 8 zinawezekana? Nadhani zinawezekana, kwa masharti mawili: kila njia iwe na siku zake maalumu za wiki, na oda iwe na kiwango cha chini. Leo duka la Morogoro linaagiza katoni 15 asubuhi na kuzipata jioni. Mazoea hayo ndiyo yanayotoa malori nusu tupu. Ndiyo maana kwenye bajeti mimi ningeweka milioni 11 na si 20, mpaka tuone kwa macho malori yanaondokaje.

## Na wateja wanaokuja wenyewe getini?

Hawa modeli haiwaoni vizuri, na wananipa wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Hati za kutoa mzigo zinaandika "Morogoro mjini" bila kusema kama tumempelekea mteja au amekuja na guta lake au kirikuu. Nilikaa na mtunza stoo tukazipitia. Takriban tani 60 kati ya zile 250 zinachukuliwa getini na wafanyabiashara wadogo wanaolipa taslimu, wananunua kidogo, na wanarudi baada ya siku 2 au 3.

Mtu huyo hawezi kuagiza kutoka Dar. Hana mtaji wa kufikia kiwango cha chini cha oda, na hana pa kuweka mzigo. Asipotukuta getini, atanunua sabuni ya mshindani siku hiyohiyo. Kila tani tunayoipoteza inaondoka na faida ya takriban 150,000 baada ya kutoa usafiri. Tukizipoteza tani zote 60, tunapoteza milioni 9 kwa mwezi.

Ziweke pamoja na malori ya tani 8, na akiba yetu inakuwa milioni 2, kiasi ambacho kiko ndani ya kosa la modeli lenyewe. Hili linaonekana tu ukichukua hatari zote mbili kwa wakati mmoja, na taarifa yangu ya kwanza ilizionyesha kila moja peke yake.

Dawa yake ni kuwa na muuzaji wa jumla mmoja au wawili mjini Morogoro watakaochukua mzigo kwa bei ya kiwandani na kuwauzia hawa wadogo. Wawili tayari ni wateja wetu na wana maghala yao. Sharti liwe kwamba bei ya rejareja kwa mwenye guta isipande, na hilo linafuatiliwa na mtu wa mauzo anayezunguka sokoni.

## Morogoro inakua. Si tutajuta baadaye?

Kwa tofauti ya 10,000 kwa tani, depo ingehitaji kupitisha tani 2,200 kwa mwezi ili kulipa milioni 22 zake. Sasa inapitisha 500. Ikikua hata mara mbili, bado haifiki. Na Morogoro ikikua, malori ya moja kwa moja nayo yanajaa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo ukuaji unaisaidia njia mpya kuliko ya zamani.

## Masika yakikata barabara?

Kuanzia Machi hadi Mei, bonde la Kilombero hujaa maji, na Kilosa ina historia yake ya mafuriko. Depo ya Morogoro hutusaidia pale ambapo barabara imekatika kati ya Dar na Morogoro. Ikikatika mbele ya Mikumi au Kidatu, mzigo ulioko Morogoro umekwama vilevile kama ulioko Dar. Kwa Ifakara jibu ni kuwapa wauzaji wa jumla wa kule mzigo wa wiki 3 au 4 mwishoni mwa Februari, kwa muda mrefu zaidi wa kulipa. Gharama ya mkopo huo nimeiweka, ni ndogo.

## Je, hakuna njia ya katikati?

Ipo, na naomba uipe uzito. Tunaweza kuacha ghala na kubakiza uwanja wa kuhamishia mzigo: eneo dogo lenye paa, karani mmoja na msaidizi, makuli wa kutwa. Semi inafika asubuhi ikiwa na oda ambazo tayari zina majina, mzigo unahamishwa kutoka semi kwenda Fuso na Kenta, na jioni uwanja uko mtupu. Hakuna kinacholala pale.

Uwanja huo ungegharimu takriban milioni 6 kwa mwezi. Unatuokolea zile 10,000 kwa tani, yaani milioni 5, kwa sababu semi bado inabeba sehemu ya kwanza ya safari. Kwa malori yaliyojaa, njia hii inazidiwa na ile ya moja kwa moja kwa milioni 1 tu. Kwa malori ya tani 8, uwanja unashinda kwa zaidi ya milioni 7, maana semi ya tani 28 tunaijaza bila shida: tani 500 ni semi 18 kwa mwezi, chini kidogo ya moja kwa kila siku ya kazi. Na mwenye guta anaweza kuja uwanjani asubuhi ya mzigo.

Ugumu wake ni nidhamu ya oda. Oda lazima ifungwe saa 6 mchana siku iliyotangulia, kwa sababu hakuna rafu ya kuchukua kilichosahaulika. Mteja akiukataa mzigo mlangoni, unarudi na lori.

Kwa hiyo naomba tutenganishe maswali mawili. Je, ghala la Morogoro na mzigo wake wa wiki 2 lina sababu ya kuwepo? Modeli inasema hapana, na kila nilipojaribu kuibana imerudia jibu hilohilo. Je, tusambaze moja kwa moja au kupitia uwanja? Hilo modeli haiwezi kulijibu kabla hatujajua malori yanajaa kiasi gani. Mimi ningeanza na uwanja.

## Wafanyakazi 14 wa Morogoro watakuwaje?

Kwa modeli, hao ni milioni 11. Nawafahamu wengi wao kwa majina, na sitaki mtu yeyote asome tarakimu hiyo akadhani nimewasahau.

Uwanja unahitaji watu 2. Ghala la Dar linahitaji nyongeza ya watu 4, na gharama yao imo kwenye zile 6,000 kwa tani. Napendekeza nafasi zote 6 zitolewe kwanza kwa watu wa Morogoro, pamoja na gharama za kuhama kwa watakaokubali kuja Dar. Madereva hawaguswi, kwa kuwa malori ni ya mkataba.

Kwa watakaobaki, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio mapema, aeleze sababu, na ashauriane kabla ya kupunguza watu. Mashauriano hayo yafanyike kabla uamuzi haujafungwa, yasiwe ya kutangaza uamuzi uliokwisha. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Kiinua mgongo cha chini kwa mujibu wa sheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, kwa kikomo cha miaka 10. Mfano: mwenye mshahara wa msingi wa 600,000, anayefanya kazi siku 6 kwa wiki na ana miaka 6 kazini, atapata takriban shilingi 969,000. Ni kidogo kwa mtu aliyetupa miaka 6. Katika bajeti ya kufunga nimeweka mara mbili ya kima hicho, na natumaini utaitetea.

Gharama zote za mara moja, pamoja na kodi ya miezi 3 ya notisi, malipo ya watu, na kuhamisha rafu na foklifti, nimezikadiria milioni 75. Hata tukipata milioni 16 tu za uendeshaji kwa mwezi kwa njia ya uwanja, zinarudi ndani ya miezi 5.

## Unataka niamue nini sasa?

Usiamue kufunga. Ruhusu majaribio ya wiki 8 huku depo ikiwa bado wazi na mkataba wa pango ukiwa haujaguswa. Wiki 4 za kwanza Kilosa na Mvomero zihudumiwe moja kwa moja kutoka Dar kwa siku maalumu. Wiki 4 zinazofuata mzigo wa mjini uhamishwe lori kwa lori ndani ya uwanja wa depo yetu wenyewe, bila kuingia ghalani. Wauzaji wa jumla wawili waanze kupokea wateja wa getini tangu wiki ya kwanza.

Kila Ijumaa nitakuletea namba tatu: wastani wa tani kwa kila lori lililotoka, oda zilizovuka saa 48, na tani zilizonunuliwa na wale wafanyabiashara wadogo. Lori likiwa chini ya tani 7 kwa wiki 3 mfululizo, njia ya moja kwa moja tunaiacha. Tani za wadogo zikishuka chini ya 40, tunasimamisha majaribio na kukaa na mauzo kabla ya kuendelea. Ratiba yake iangukie Juni na Julai, baada ya masika, na kikao cha kwanza na wafanyakazi wa Morogoro kifanyike kabla lori la kwanza halijabadilishwa njia.